Barua ya wazi: Kijana wangu hakuiba, alikariri

Kwenu mnaosimamia mitaala na mitihani ya sekondari, na kwenu mnaoongoza vyuo vikuu vyetu.

YAH: WANAFUNZI WA MWAKA WA KWANZA WANAOPEWA SIFURI KWA KUTOTAJA VYANZO

Waheshimiwa, salaam.

Naandika kutoka Ngamiani, Tanga. Nafundisha Historia kidato cha tano na cha sita, na huu ni mwaka wangu wa kumi na tisa ubaoni. Mwezi wa pili kijana mmoja niliyemfundisha hadi akafaulu vizuri alirudi nyumbani kwa likizo ya muhula. Alikuja barazani kwangu baada ya magharibi, akaniamkia, akakaa kimya muda mrefu kuliko kawaida yake. Kisha akatoa mfukoni karatasi zilizokunjwa mara nne. Ilikuwa insha yake ya kwanza ya chuo kikuu. Juu yake kulikuwa na sifuri kwa wino mwekundu na maneno mawili kwa Kiingereza yenye maana kwamba ameiba maandishi. Nyuma yake palibanwa ukurasa uliochapishwa kutoka kwenye kompyuta, wenye asilimia 38.

"Mwalimu," akaniambia, "sikufungua kitabu chochote. Niliandika kutoka kichwani."

Nilimwamini hata kabla hajamaliza, kwa sababu aya iliyopigwa mistari nyekundu niliitambua. Niliwaandikisha mimi mwenyewe, yeye na wenzake, asubuhi moja ya kidato cha tano. Kwa Kiswahili ilikuwa inasema hivi: mkonge uliletwa Tanganyika mwaka 1893 na Dkt. Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, kutoka Florida. Miche elfu moja ilisafirishwa lakini ni 62 tu iliyopona. Miche hiyo ikapandwa upande wa Pangani, na kutokana nayo Tanga ikawa kitovu cha kilimo cha mkonge.

Niliingia ndani nikatoa daftari langu la zamani. Sentensi zilikuwepo, neno kwa neno, mpaka mkato ulipokaa. Mimi nilizinakili kwenye daftari la mwalimu aliyenifundisha. Yeye alikuwa akitusomea kutoka kwenye kitabu kilichokwisha jalada, kurasa za mwanzo hazipo, tukiita tu "kile kitabu". Basi mimi na kijana tulikaa pale na daftari mapajani tukitafuta mwenye maneno, tukashindwa. Yeye aliyapata kwangu, mimi kwa mwalimu wangu, na baada ya hapo njia imefutika.

Nilimwomba tuipitie ile ripoti ya kompyuta yote, maana mwalimu wake alimrudishia namba tu na sifuri. Nawaomba nanyi mwende nami taratibu hapa, kwa sababu namba hiyo inasomwa vibaya na watu wengi, wakiwemo wanaoitumia kuhukumu. Programu kama Turnitin haisemi kwamba mtu ameiba. Inachofanya ni kulinganisha mfuatano wa maneno yake na maandishi mengine iliyo nayo, kisha inasema ni kiasi gani kimefanana. Katika ile 38 mlikuwemo maneno ya swali lenyewe, ambayo kila mwanafunzi wa darasa lile aliyanakili juu ya insha yake. Ilikuwemo orodha yake ya marejeleo, ambayo lazima ifanane na ya wengine kwa kuwa jina la kitabu haliandikwi kwa namna mbili. Ilikuwemo pia nukuu moja aliyoiweka vizuri ndani ya alama za kunukuu. Programu ina sehemu ya kuondoa nukuu na marejeleo kwenye hesabu, lakini hapa havikuwa vimeondolewa. Tulipotoa vitu hivyo kwa kalamu, kilichobaki kilikuwa ile aya ya mkonge na aya nyingine mbili za aina hiyohiyo. Ripoti ilionesha kwamba zimefanana na tasnifu ya mwanafunzi wa mkoa mwingine na ukurasa mmoja wa mtandaoni wa madesa ya kidato cha sita. Kijana wangu hajawahi kuviona vyote viwili. Wote watatu walikunywa kwenye desa moja.

Sisemi kwamba mwalimu wa chuo alikosea kuona tatizo. Tatizo lipo. Aya tatu nzima zimesimama pale bila mwenyewe, na msomaji hana njia ya kujua habari zimetoka wapi. Ninachosema ni kwamba alichokiona kama wizi ni kazi ya mikono yetu sisi, na kijana huyu alituzwa kwa kazi hiyohiyo miaka sita mfululizo.

Wanaotunga mitihani mnajua swali la Historia linavyokuwa. Eleza sababu sita, fafanua athari sita, kila hoja na alama zake. Nimesahihisha mitihani ya utamilifu mara nyingi, rundo la vitabu vya majibu mbele yangu na siku zikihesabika. Jibu lenye sentensi iliyo karibu na ile ya mwongozo wa kusahihishia linapata alama bila mjadala. Jibu la mtoto aliyejaribu kusema kwa maneno yake linanisimamisha: je, amemaanisha hoja ya tatu au ya tano, au amechanganya? Mara nyingi, naungama, lile la pili lilipata nusu. Na wanafunzi hawakuhitaji kuambiwa. Walilinganisha majibu yao baada ya kurudishiwa, wakajua lipi linalipa.

Halafu kuna lugha. Mtoto wa shule ya msingi ya serikali hapa Tanga anasoma kwa Kiswahili mpaka darasa la saba, kisha akifika kidato cha kwanza kila kitu kinageuka Kiingereza. Akiandika sentensi yake mwenyewe, inarudi imejaa alama nyekundu za sarufi. Akiandika ya kitabu, inarudi safi. Hajakariri kwa uvivu. Amekariri kwa sababu sentensi ya kitabu ndiyo pekee anayojua kwa hakika kwamba haina kosa. Mwaka baada ya mwaka anajifunza kwamba maneno yake ni hatari na ya kitabu ni salama. Kisha anapanda basi kwenda chuo kikuu, na ndani ya wiki kumi anaambiwa kinyume chake kabisa, kwa sifuri.

Na vitabu vyetu vya kiada navyo vinamfundisha nini? Fungueni kimojawapo cha Historia. Mwaka, jina, idadi, sababu, vyote vimeandikwa kana kwamba vilishuka vyenyewe. Ndani ya aya hakuna "kwa mujibu wa". Mtoto anasoma mamia ya kurasa bila kuona hata mara moja mwandishi akisema habari hii nimeitoa kwa fulani. Tutamtarajiaje aandike namna ambayo hajawahi kuisoma?

Lakini kuna kitu kimoja kijana huyu alikuwa nacho tangu utotoni, nacho ndicho kilichonifanya niandike barua hii badala ya kulalamika barazani tu. Sisi watu wa pwani tukisema mtoto yuko chuoni, kwanza tunamaanisha madrasa. Huyu alisoma chuoni kwa ustadhi aliye nyumba ya tatu kutoka kwangu. Huko nako alikariri, tena sana. Ila alipofundishwa hadithi za Mtume hakukariri maneno peke yake. Alikariri na aliyepokea: amepokea Abu Huraira, wameipokea Bukhari na Muslim. Mtoto wa miaka kumi akisoma hadithi bila kutaja mpokezi, ustadhi anamkatiza: nani kapokea? Elimu ya hadithi ina jina hata la ile ambayo mnyororo wake wa wapokezi umekatika katikati. Inaitwa munqati, na huhesabiwa katika zilizo dhaifu, hata kama maneno yake yanapendeza.

Nikamuuliza kijana: ile aya ya mkonge, amepokea nani? Akanitazama, akacheka kidogo kwa mara ya kwanza jioni ile. "Umepokea wewe mwalimu." Na wewe umepokea kwa nani? Tukarudi kwenye kile kitabu kisicho na jalada. Munqati.

Kuanzia hapo tulifanya kazi, usiku ule na mwingine miwili iliyofuata, na nawaeleza tulichofanya kwa sababu hakikuhitaji fedha wala semina.

Kwanza tuliigawa aya kipande kipande, tukauliza kila kipande kinadai nini na nani anaweza kukijua. Kwamba Tanga ni mkoa wa mkonge, hilo halihitaji chanzo. Muulize dereva wa basi lolote la Korogwe. Kwamba mkonge ulifika mwaka 1893 kwa mkono wa Hindorf, hilo limeenea mno vitabuni na halina ubishi mkubwa, lakini mwanafunzi wa mwaka wa kwanza ni afadhali ataje alikolisoma. Kwamba miche 62 ilipona kati ya elfu moja, hapo lazima. Hiyo ni hesabu. Kuna mtu alihesabu, au kuna mtu alidai kwamba fulani alihesabu. Hapa kwetu watu husimulia pia kwamba miche ile ilitoroshwa ikiwa imefichwa tumboni mwa mamba aliyekaushwa. Kijana alikuwa ameisikia tangu mtoto. Nikamuuliza kwa nini hakuiandika kwenye insha. Akasema kwa sababu ni ngano. Umejuaje kwamba mamba ni ngano na 62 ni kweli? Alikaa kimya. Kichwani mwake vyote viwili vilikuwa na uzito mmoja, tofauti ni kwamba kimoja alikiandikishwa darasani.

Pale nadhani ndipo alipoelewa kutaja chanzo ni kwa ajili gani. Mpaka jioni ile aliamini ni adabu ya chuo, kitu cha kupamba mwisho wa aya ili mwalimu asikasirike. Kumbe ni njia ya kumwezesha msomaji kwenda kukagua hesabu.

Tukaliona na jingine. Aya inasema "Tanganyika mwaka 1893". Jina hilo lilianza kutumika rasmi kwa nchi hii mwaka 1920, chini ya Waingereza. Hindorf alifika katika Afrika Mashariki ya Kijerumani. Nimeliandikisha kosa hilo kwa miaka kumi na tisa, na kila mwanafunzi amelirudisha kwangu likiwa salama salimini. Sentensi iliyokaririwa haikaguliwi.

Kisha tukaenda kwenye kuandika upya. Alikuwa amepata, kupitia maktaba ya chuo kwenye simu yake, makala moja ya kitaaluma kuhusu mkonge. Kitu cha kwanza alichofanya ndicho wanachofanya wengi: alichukua sentensi ya makala akabadilisha neno mojamoja, penye "ilisafirishwa" akaweka "ilipelekwa", penye "mtaalamu" akaweka "bingwa", muundo ukabaki uleule. Mtafiti wa uandishi wa Marekani, Rebecca Moore Howard, aliupa uandishi wa namna hii jina lake katika miaka ya 1990. Kwa Kiswahili tunaweza kuuita uandishi wa viraka. Hoja yake ni kwamba mara nyingi si udanganyifu. Ni hatua anayopitia mtu anayejifunza kusema mambo ambayo bado hajayaelewa sawasawa. Nimeliona hilo kwa macho yangu. Kijana alibadilisha maneno kwa sababu hakuwa amejua sentensi inasema nini. Na mjue kwamba viraka vikishonwa kwa ustadi, kompyuta inashusha asilimia, anapita, na chanzo bado hajakitaja. Ndiyo maana nasema namba ndogo haithibitishi uaminifu wa mtu, na chuo kinachosema "leta chini ya kiwango fulani" kinafundisha kuficha.

Nikamwambia asome ukurasa mzima, afunge simu, anisimulie kwa Kiswahili kama anavyomsimulia mama yake. Mara ya kwanza alikwama katikati, akarudi kusoma. Mara ya pili alisimulia, akaongeza na swali lake: miche mingine ilikufa njiani au baada ya kupandwa? Hilo swali halikuwemo kwenye aya ya zamani. Ndipo nikampa kalamu, simu ikiwa bado imefungwa, aandike kwa Kiingereza chake. Sentensi zilikuwa fupi, na mbili zilikuwa na kosa la sarufi. Halafu akafungua simu kuhakiki miaka na majina, na hapohapo, kabla ya kwenda sentensi nyingine, akaweka jina la mwandishi, mwaka na ukurasa kwenye mabano. Nilimsisitiza hapohapo, kwa sababu ukisema utaweka baadaye, usiku wa kukabidhi hutakumbuka lipi lilitoka wapi.

Kulikuwa na mtego mmoja zaidi. Ile makala yenyewe ilimtaja mwandishi mwingine wa zamani kwa habari ya idadi. Kijana akataka kumwandika yule wa zamani, maana alionekana mzito zaidi. Lakini kitabu chake hakukiona. Hapo anayetajwa ni wote wawili: Fulani wa zamani, kama alivyonukuliwa na Fulani wa makala. Ukimtaja wa zamani peke yake umesema umesoma usichokisoma, na kama mwandishi wa kati alikosea kunakili, kosa umelibeba wewe. Kijana akanitangulia safari hii: "Hiyo ni kuruka mpokezi."

Waheshimiwa wa vyuo vikuu, kijana huyu alikuwa amesoma kozi yenu ya Stadi za Mawasiliano. Nilimuuliza kama walifundishwa haya. Akasema ndiyo, na akanitajia maana ya wizi wa maandishi na aina zake kwa mpangilio, bila kusita, kwa Kiingereza kilichonyooka. Alikuwa amezikariri kwa ajili ya jaribio, akapata alama nzuri. Hakuna siku aliyopewa ukurasa wa mtu, akaambiwa auseme kwa maneno yake, na mwalimu akakaa naye kuangalia wapi amenakili na wapi ameelewa. Najua madarasa yenu yana mamia ya wanafunzi. Hata langu lina zaidi ya sabini. Lakini aya moja ya mistari minane, iliyoandikwa darasani wiki ya pili, wanafunzi wakikaguana wawili wawili na chanzo kimoja mezani, inawezekana hata kwenye ukumbi wa watu mia tatu.

Nawaomba pia insha ya kwanza ya muhula wa kwanza isihesabiwe kuwa kosa la nidhamu. Mrudishieni mwanafunzi na ripoti yote, akioneshwa mistari yenyewe, aandike upya ndani ya wiki moja, na alama itolewe kwa hiyo ya pili. Anayenunua insha kwa mtu au kuchukua ya mwenzake mpeni adhabu mnayoona inafaa. Hao sisemi kwa niaba yao. Anayeandika desa kutoka kichwani ni mtu mwingine, na mkimweka meza moja na mwizi hatajifunza kutaja chanzo. Atajifunza kushona viraka.

Nanyi mnaotunga mitihani na mitaala: mtaala wa sekondari ulitangazwa kuwa wa ujuzi tangu mwaka 2005, na sera iliyopitiwa upya mwaka 2023 imetuletea mitaala mipya iliyoanza kuingia madarasani mwaka 2024. Nimeisoma na naiunga mkono. Lakini wanafunzi wangu hawasomi mtaala, wanasoma pepa zilizopita. Wekeni kwenye mtihani wa kidato cha sita swali moja tu lenye vipande viwili vifupi vya waandishi wawili wanaotofautiana, majina yao yakiwa juu, na mwongozo wa kusahihishia utoe alama kwa anayesema nani amesema nini na wanatofautiana wapi. Mwaka unaofuata kila mwalimu wa Historia kutoka Lushoto hadi Pangani atakuwa anafundisha hivyo, nami nikiwemo. Na vitabu vya kiada vitakapochapwa tena, wekeni chini ya ukurasa habari ile imetoka kwa nani, hata kama ni kwa hesabu na tarehe tu.

Kwa upande wangu nimeanza. Mwezi huu nimefuta "kile kitabu" kwenye maandalio yangu. Kila somo naandika pembeni mwa ubao nilikolitoa, na pale nisipojua naandika kwamba sijui. Wanafunzi walishangaa wiki ya kwanza. Wiki ya tatu mmoja alinyoosha mkono akaniuliza, nani kahesabu?

Kijana amerudi chuoni na insha yake mpya. Mwalimu wake hajakubali bado kuisoma. Aya ya mkonge sasa ina mistari sita badala ya minne, ina majina mawili kwenye mabano, na kwenye idadi ya miche ameandika kwamba anaitaja kama ilivyonukuliwa na mwandishi wa makala, na kwamba chanzo cha kwanza hajakiona. Nawaomba mumsaidie asomwe.

Wenu katika kazi,
Mwalimu wa Historia, Ngamiani, Tanga